Kutoka "masaa 12" hadi "saa 12": kisa cha kipeperushi cha dawa ya tungule, Pemba

Usuli

Kisa hiki ni cha karatasi moja ya A4 iliyokunjwa mara mbili, ikatoa kurasa sita nyembamba. Ilitayarishwa kwa wakulima wa tungule, yaani nyanya, wa shehia moja ya kaskazini ya Pemba, ambao walikuwa wakigaiwa dawa ya wadudu katika chupa za mililita 250. Mradi, ofisi, dawa na watu wote nimewaficha.

Lebo ya chupa ilikuwa ya Kiingereza, kwa herufi ndogo ambazo hata kijana huzisoma kwa kukunja jicho. Mfasiri wa mjini aliifasiri, msanifu akaipanga kwenye karatasi, kisha ikaja kwangu kusomwa prufu. Nilipewa siku mbili, na nilichoombwa ni kutazama "lugha na tahajia". Lebo yenyewe sikupewa. Niliiomba, nikatumiwa picha kwa simu.

Lebo ilikuwa na mambo matano yasiyotaka kukosewa. Kipimo ni mililita 1.5 kwa kila lita moja ya maji. Dawa ipigwe asubuhi kabla jua halijawa kali. Mtu asiingie shambani mpaka upite muda wa nusu siku, yaani saa kumi na mbili kamili. Tungule zisichumwe mpaka zipite siku 7. Na aliyemeza dawa asitapishwe. Hili la mwisho lina sababu yake: dawa za maji za aina hii, zile zenye herufi EC kwenye chupa, huwa zimeyeyushwa katika mafuta ya jamii ya petroli. Mtu akitapika, mafuta yale yanaweza kuingia mapafuni na kumdhuru zaidi kuliko yalivyomdhuru tumboni.

Kilichotokea

Katika prufu ya kwanza nilikamata kosa moja kubwa. Mfasiri aliandika "Nyunyiza kabla ya saa 10 asubuhi". Lebo ilisema saa kumi kwa hesabu ya Kizungu, ambayo kwetu ni saa 4 asubuhi. Mkulima wa Pemba akisoma saa 10, ataelewa alasiri, au ikiwa neno "asubuhi" linamsumbua, ataelewa alfajiri kabla ya adhana. Niliandika "kabla ya saa 4 asubuhi" na nikaridhika kwamba nimeshalimaliza suala la saa.

Sikuwa nimelimaliza. Mistari michache chini yake mfasiri alikuwa ameandika: "Usiingie shambani kabla ya masaa 12 kupita." Nilifunzwa skuli kwamba "saa" haina wingi wa "masaa", na kila ninapoliona neno hilo mkono unakwenda wenyewe. Nikafuta ile "ma". Sentensi ilikuwa ndefu kuliko safu, kwa hiyo nikaona pia kwamba "kupita" linaweza kuondoka. Ikabaki: "Usiingie shambani kabla ya saa 12." Kwa sarufi imenyooka. Kwa maana, nilikuwa nimeugeuza muda wa kusubiri kuwa saa ya ukutani.

Kipimo kiliandikwa "1.5 ml kwa lita 1 ya maji". Nilikilinganisha na lebo, nikakiona sawa, nikakitilia alama. Nilikitazama kwenye kompyuta, nukta ikiwa imesimama wazi kama punje ya ufuta.

Ofisi ilichapa nakala moja kwa mashine nzuri na kuipeleka steshenari kutolewa fotokopi 60. Mashine ya steshenari ilikuwa imechoka. Siku ya mafunzo, mkulima mmoja mtu mzima aliinua chupa yake na karatasi yake, akamwambia bibi shamba: "Mwanangu, hii chupa mbona haitoshi hata bomba moja? Kumi na tano kwa lita, bomba langu lita ishirini. Si mia tatu hiyo? Na chupa ina mia mbili na hamsini."

Bibi shamba aliichukua ile karatasi. Nukta haikuwapo. Akakusanya karatasi za waliokaa mbele, akakuta nyingine zina nukta hafifu, nyingine zina doa ambalo hujui ni nukta au ni uchafu wa kioo, na nyingine hazina kitu kabisa: "15 ml". Alisimama akawaambia wote kwa mdomo kipimo ni mililita 30 kwa bomba la lita 20, wakaandika kwa kalamu. Mafunzo yakaendelea, karatasi zikaenda majumbani.

Baada ya kama wiki moja, bibi shamba alinipigia simu kwa jambo jingine kabisa. Mama mmoja alipiga dawa alasiri, kwa sababu asubuhi hakuwahi, akamaliza saa 10. Akapumzika, akasali, na ilipotimu saa 12 jioni akaingia shambani kusimika vijiti vya tungule, akijua ametimiza sharti. Usiku uso ulimwasha na midomo ikamchonyota. Asubuhi ilikuwa imetulia. Alipoulizwa kwa nini aliingia mapema, alishangaa. "Mapema? Si karatasi imesema saa kumi na mbili? Nami niliingoja."

Aliingia saa mbili baada ya kumaliza kupiga dawa. Kwa kila neno lililoandikwa, alikuwa amefuata maagizo.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuziita karatasi zote zirudi. Msanifu alipendekeza tutoe tu kijikaratasi cha masahihisho. Bibi shamba alikataa, nami nilimuunga mkono: kijikaratasi kitapotea kabla ya kipeperushi, na kitakachobaki ukutani ni kile chenye kosa. Alizunguka nyumba kwa nyumba kwa baiskeli pamoja na msaidizi wa sheha. Zilirudi 52.

Uamuzi wa pili ulihusu nukta. Mtu anaweza kusema tukuze herufi, au tuandike mkato badala ya nukta, lakini vyote viwili vinapotea kwenye fotokopi mbovu, na fotokopi mbovu ndiyo njia ambayo karatasi hizi husafiri. Tukaamua kuiondoa desimali kabisa kwa kubadili kiasi cha maji. Mililita 1.5 kwa lita moja ni mililita 30 kwa bomba la lita 20. Kwa bomba la lita 16, ambalo pia lipo kwa wingi pale, ni mililita 24. Namba zote mbili ni kamili. Mkulima naye hachanganyi lita moja moja, anajaza bomba. Kwa hiyo kipimo cha bomba ndicho alichokuwa akikihitaji tangu mwanzo, na sisi tulimpa hesabu ya kufanya kichwani akiwa juani.

Hapo likazuka jambo la pili. Toleo la kwanza lilikuwa na mahali palipoandikwa "bomba" tu, bila ukubwa. Mtu mwenye bomba la lita 16 akitia mililita 30, amezidisha kwa robo. Tukakubaliana kwamba neno "bomba" lisionekane popote kwenye karatasi bila lita zake, hata pale linapochosha kurudiwa.

Kuhusu namna ya kuzipima hizo 30, mfasiri alishauri "vijiko 2 vya chakula". Hesabu yake si mbaya, kijiko cha kipimo cha chakula ni mililita 15, lakini vijiko vya jikoni havilingani, na kijiko kilichopima sumu kitarudi jikoni. Kizibo cha chupa nacho hakikuwa na alama. Tuliiomba ofisi inunue vikombe vidogo vya plastiki vyenye mistari, na kwenye karatasi tukachora kikombe chenye mstari mzito kwenye 30, na pembeni yake kingine chenye mstari kwenye 24.

Sentensi ya kuingia shambani ilitupa kazi kubwa kuliko zote. Kurudisha "masaa 12" kungeeleweka, na wala nisingeona haya kulirudisha. Lakini tuliwasomea watu wawili na mmoja bado alisema "yaani mpaka saa kumi na mbili". Tarakimu 12 ikikaa karibu na neno saa, sikio la Mswahili huenda kwenye magharibi au alfajiri. Nikapendekeza tuache kuhesabu saa, tuseme siku: "Ukishapiga dawa leo, mtu yeyote asiingie shambani mpaka kesho." Msanifu alifurahi kwa sababu ni fupi.

Mimi sikuweza kuipitisha peke yangu. "Mpaka kesho" hubadilisha muda. Anayemaliza saa 3 asubuhi akingoja mpaka kesho alfajiri, amengoja zaidi ya lebo, na hilo halina dhara. Lakini anayemaliza saa 1 usiku akaingia saa 11 alfajiri, amengoja saa kumi tu. Na "kesho" ya Pemba inaanza lini? Kwa wengi siku mpya inaanza magharibi. Nilimwandikia mtaalamu wa mimea wa mradi nikamweleza mifano hiyo, nikamuuliza kama ataridhia muda mrefu kuliko wa lebo. Akaridhia usiku na mchana mzima. Sentensi ikawa: "Ukishapiga dawa, mtu yeyote asiingie shambani siku hiyo wala usiku wake. Ingieni kesho yake, wakati kama ule uliomaliza kupiga dawa. Ukimaliza saa 3 asubuhi, ingia kesho saa 3 asubuhi." Ni ndefu mara nne ya ile ya kwanza. Tuliondoa picha ya bango la mradi ili ipate nafasi.

Siku za kuchuma zilikuwa zimeandikwa "Nyunyiza siku 7 kabla ya kuvuna". Hakuna aliyeilalamikia, na mimi mwenyewe niliipitisha mara ya kwanza. Nilipoisoma tena kwa jicho jipya nikaona ni amri ya kupiga dawa: ikibaki wiki moja kuvuna, nyunyiza. Kilichokusudiwa ni katazo. Tena tungule si mpunga uvunwe siku moja. Mkulima huchuma zilizoiva kila baada ya siku chache, kwa hiyo "kabla ya kuvuna" haina tarehe. Bibi shamba ndiye aliyetoa maneno yanayofuata kazi ilivyo: "Kwanza chuma tungule zote zilizoiva. Ndipo upige dawa. Halafu usichume hata moja mpaka zipite siku 7. Ukipiga dawa Jumatatu, chuma Jumatatu ijayo." Hapo pia ndipo tulipobadilisha "nyanya" kuwa "tungule" na "vuna" kuwa "chuma", kwa sababu hivyo ndivyo wanavyosema.

Prufu ya pili

Toleo jipya lilipopangwa nilikaa na prufu iliyochapwa na kukunjwa. Sikuitazama kwenye kioo cha kompyuta. Kwenye ukurasa wa huduma ya kwanza, chini kabisa ya safu, mstari uliishia hivi: "Akiwa amemeza dawa, usi-". Ukifungua mkunjo, juu ya safu inayofuata, palianza: "mtapishe. Mpeleke hospitali haraka."

Maneno yale hayakuguswa na mtu. Sentensi nyingine zilirefuka, mistari ikasogea, programu ikalikata neno palipoiona nafasi. Mtu aliyeshikwa na taharuki, mwanawe kamwaga povu mdomoni, ataifungua karatasi ile na jicho lake litatua juu ya safu: "Mtapishe. Mpeleke hospitali haraka." Ni Kiswahili safi. Kikagua tahajia hakitasema kitu, kwa kuwa "mtapishe" ni neno kamili. Lugha yetu inabeba katazo zima katika silabi mbili za mwanzo wa neno, na zikitengana nalo, kinachobaki ni amri kinyume chake. Usimpe, mpe. Usimtapishe, mtapishe.

Tulizima ukataji wa maneno kwenye karatasi yote. Sentensi za katazo kila moja tukaipa mstari wake kuanzia mwanzo hadi mwisho, zisivuke safu wala mkunjo, na mbele ya kila moja tukatia alama ya mkasi ✗ nzito. Huduma ya kwanza yote tukaihamishia ukurasa mmoja. Ilisomeka hivi:

✗ Aliyemeza dawa hii ASITAPISHWE.
✗ Aliyezimia asipewe kitu chochote mdomoni.
Mpeleke hospitali sasa hivi. Nenda na chupa ya dawa.

Utaona pia tuliacha "usimtapishe" tukaandika "asitapishwe". Hata likikatwa kwa bahati mbaya, "tapishwe" peke yake halisomeki kama amri kamili, na msomaji atasita atafute mwanzo wake.

Kusomesha barazani

Kabla ya kuchapa tuliwaomba watu sita wa shehia hiyo wakae nasi barazani. Hatukuwauliza kama wameelewa, maana mtu mzima hatakwambia hakuelewa. Tuliwapa bomba, kikombe cha kipimo na chupa mpya ya maji yaliyotiwa rangi, tukawaambia wasome kisha wafanye. Halafu tukawauliza maswali yenye majibu: ukipiga dawa leo alasiri saa 10, kesho saa ngapi utaingia? Ukipiga Alhamisi, siku gani utachuma? Wote sita walijibu sawa la kuingia. Wawili walikosea la kuchuma kwa siku moja, wakihesabu Alhamisi yenyewe kuwa siku ya kwanza. Mfano wa Jumatatu hadi Jumatatu ulikuwa chini ya mchoro. Tuliupandisha ukawa karibu na sentensi yake.

Jambo ambalo hatukulitarajia lilitoka ukurasa wa nyuma, ambao haukuhusu sumu kabisa. Palikuwa na maelezo mafupi ya kukamua samadi na kuipunguza kwa maji kwa uwiano wa "1:10". Kijana mmoja akauliza: "Hii ndiyo saa ya kumwagilia?" Kwenye simu yake alama hizo huonyesha saa, naye alikuwa ametoka kusoma ukurasa wenye saa nyingi. Mwenzake alijua ni uwiano lakini alitia ndoo moja ya samadi na tisa za maji, zitimie kumi. Mtaalamu alikusudia kumi za maji. Kwa samadi tofauti hiyo haiunguzi jani, lakini tuliifuta alama ya nukta mbili na kuandika: "Ndoo 1 ya maji ya samadi, ongeza ndoo 10 za maji."

Matokeo

Toleo la pili lilitolewa kwa karatasi ya manjano ili lijulikane kwa mbali, na juu yake tuliandika kwamba karatasi nyeupe isifuatwe. Safari hii nakala zote zilichapwa, hazikutolewa fotokopi, lakini tulijua zitatolewa kopi na wengine, kwa hiyo mimi na msanifu tulichukua moja tukaitoa kopi, kopi ikatolewa kopi, mpaka mara ya nne, kwenye mashine ileile ya steshenari. Kila namba ilisomeka. Msimu huo bibi shamba hakupata malalamiko ya kuwashwa, ingawa siwezi kusema ni kwa ajili ya karatasi, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa akizunguka na kusisitiza kwa mdomo.

Nikilipima

Kilichotuokoa mara ya kwanza kilikuwa hesabu ya mkulima. Alikilinganisha kipimo na kitu alichoshika mkononi, akaona chupa haitoshi. Mimi nilikuwa na karatasi mbili zinazofanana na nikasema sawa. Tangu siku hiyo kila kipimo nakifanyia swali lake: chupa hii itatosha bomba ngapi? Mililita 250 kwa 30 ni bomba nane na kidogo, jambo linaloingia akilini. Kwa 300 haitoshi hata moja. Ukiona chupa inakwisha kwa bomba moja, au inatosha bomba mia, rudi kwenye lebo.

Swali hilo lakini lisingelikamata kosa la saa. "Kabla ya saa 12" ilikuwa sentensi inayowezekana kabisa, na wala haikupingana na chochote mkononi mwa yule mama. Makosa ya namna hii hayaonekani kwa kulinganisha na lebo wala kwa kukokotoa. Yanaonekana mtu mwingine anapoisoma na kukwambia atafanya nini na saa ngapi. Barazani tungelikamata mara ya kwanza, lau tungekwenda.

Na kosa lile lilikuwa la msahihishaji. Mfasiri alikuwa na neno ambalo walimu hawalipendi lakini lilikuwa likifanya kazi: ile "ma" ndiyo iliyokuwa ikimwambia msomaji kwamba hapa panahesabiwa muda. Niliiondoa bila kujiuliza inafanya nini pale. Siku hizi kwenye karatasi za sumu sifuti kitu kwa ajili ya sarufi mpaka nimuulize aliyekiandika kwa nini alikiandika hivyo, na badiliko lolote lenye namba ndani yake, hata la herufi mbili, linarudi kwa mtaalamu kutiwa saini.

Karatasi nyeupe nane hazikurudi. Moja niliiona mwenyewe miezi kadhaa baadaye, imebandikwa kwenye mlango wa duka, "15 ml" ikiwa wazi kabisa. Mwenye duka alikuwa ameipiga mstari kwa kalamu ya buluu na kuandika pembeni: "30, bomba la 20." Nilimpa ya manjano, nikaing'oa ile nyeupe nikaondoka nayo.